Daftari la fundi na mota za kuazimisha: jinsi ya kupima rasilimali za biashara kwa VRIO

Fundi mmoja wa komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, aliniita mwaka jana nimsaidie kuamua jambo moja. Alikuwa na akiba ya dola 4,000. Mwanawe alitaka wanunue jenereta kubwa zaidi. Mkewe alitaka wahamie kando ya barabara kubwa ambako wapita njia wataona kibao chao. Yeye mwenyewe alitaka tanuri la pili la kukaushia vanishi. Kila mmoja aliamini kwamba nguvu ya karakana yao iko pale anapopataja yeye. Mimi ni mhasibu wa biashara ndogo za mji huu, nikawaomba wasiziguse zile dola mpaka tupime kwanza walichonacho tayari.

Kazi yao ni kubobina mota za umeme zilizoungua, yaani kuzizungushia waya mpya. Lubumbashi kazi hiyo haikauki. Umeme hushuka, hukatika na kurudi ghafla, au fazi moja kati ya tatu hupotea huku mwenye kinu akiendelea kusaga mahindi bila kujua. Mota huendelea kuzunguka kwa fazi mbili, hupata moto, na baada ya muda mfupi harufu ya waya ulioungua hujaa chumba kizima. Watu wanasubiri unga wa bukari, kinu kimesimama, na mwenye kinu anapakia mota kwenye mkokoteni.

Kipimo tulichotumia kinaitwa VRIO. Kinauliza maswali manne juu ya kila rasilimali ya biashara, kwa utaratibu usiogeuzwa: je, ina thamani, je, ni adimu, je, ni ghali kuiiga, na je, biashara imejipanga ili ivune matunda yake? Kilitokana na kazi ya Jay Barney, msomi wa usimamizi wa Marekani, aliyechapisha hoja yake kuu mwaka 1991 na kuongeza swali la mpangilio mwaka 1995. Hoja yenyewe ni kwamba biashara mbili za mtaa mmoja, zenye wateja walewale na umeme uleule mbovu, zinaweza kupata faida tofauti kwa miaka mingi kwa sababu ya vitu vilivyomo ndani yake. Maswali yale manne yanatafuta vitu hivyo ni vipi.

Hatua ya kwanza: orodhesha vitu vinavyoweza kuhesabiwa

Siku ya kwanza niliwapa karatasi waandike rasilimali zao. Waliandika: uzoefu, wafanyakazi wazuri, wateja wengi, jina zuri. Nikaichana ile karatasi mbele yao, kwa heshima, tukaanza upya. “Uzoefu” haupimiki. “Wateja wengi” ni matokeo, si rasilimali: kuna kitu kinachowaleta, na kitu hicho ndicho tunachokitafuta. Rasilimali iandikwe kwa namna ambayo mgeni akija anaweza kuiona, kuihesabu au kuijaribu. Inaweza kuwa chombo, maarifa, uhusiano, au desturi ya kufanya kazi, lakini lazima ujue inaanzia wapi na inaishia wapi.

Jaribio langu ni dogo tu. Soma mstari ulioandika, kisha jiulize: nikitaka kuuza kitu hiki peke yake, au kukipoteza peke yake, ningejua ni nini kimeondoka? Ukishindwa kujibu, ukate mstari vipande.

Tulipokata “uzoefu” vipande, mzee aliingia nyumbani akarudi na madaftari manne makubwa, yale ya hesabu yenye jalada gumu, yamepakaa vanishi pembeni. Alijifunza kazi katika karakana za Panda, Likasi, alipokuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Mwaka 2003, maelfu ya wafanyakazi wa kampuni hiyo walipoondoka kwa mkupuo mmoja, naye aliondoka, na mwaka uliofuata akaanza kuandika. Kila mota aliyoifungua ina ukurasa wake. Juu kuna maneno ya kwenye kibati: kilowati, volti, amperi, mizunguko kwa dakika. Chini yake: chuma kina mifereji 36, koili inaingia mfereji wa 1 na kutokea wa 9, waya umezungushwa mara ngapi, una unene wa milimita ngapi, nyuzi ngapi zinakwenda pamoja, fazi zimeungwa kwa nyota au kwa pembetatu. Kando, kwa kalamu nyekundu, jina la mwenye kinu na upana wa puli yake. Tulihesabu kurasa 1,140.

Mwishowe orodha yetu ilikuwa na mistari saba. Nitazungumzia kwa kina mitatu tu, kwa sababu ndiyo inayofundisha: tanuri la kukaushia, madaftari, na mota tatu ambazo mzee huwaazima wenye vinu wakati zao ziko karakana.

Hatua ya pili: thamani ionekane kwenye pesa

Swali la thamani halimaanishi kwamba kitu kiligharimu sana kukipata, wala kwamba mwenyewe anakipenda. Kitu kina thamani kikikuwezesha kutumia nafasi iliyopo nje au kuikwepa hatari iliyopo nje, na athari yake ionekane mahali pawili tu: mteja analipa zaidi au anarudi zaidi, au gharama yako inapungua. Njia rahisi ni kukiondoa kwa mawazo. Kesho asubuhi hakipo. Nini kinabadilika kwenye kitabu cha risiti?

Tanuri lilipita haraka. Koili zikishachovywa vanishi, bila tanuri zinaanikwa siku mbili, na msimu wa mvua hata zaidi. Kwa tanuri, mota inayoingia humo jioni inatoka imekauka asubuhi. Lina thamani, hakuna ubishi.

Madaftari yalihitaji kazi zaidi, na hapa nawasihi msiwe wavivu, kwa sababu ndipo watu wengi huandika “ndiyo” kwa mazoea. Thamani ya daftari haionekani kwenye mota inayoletwa ikiwa na waya wake wa zamani: fundi yeyote mwangalifu anaweza kuhesabu mizunguko kabla hajaikata. Inaonekana kwenye mota inayoletwa tupu. Fundi mwingine ameshakata waya, ameuza kopa, ameshindwa kazi, na mteja anakuja na chuma kitupu. Hapo asiye na ukurasa wake anakisia. Akizungusha waya mara chache mno, mota inakula amperi nyingi hata ikizunguka bila mzigo, inapata joto na kuungua tena. Akizidisha mizunguko, mota inazunguka vizuri ikiwa tupu, kisha inalegea mahindi yakimiminwa.

Kwa hiyo tulifungua risiti za miezi 12 na kuchambua mota zilizofika tupu peke yake. Zilikuwa 58. Mota 40 zilikuwa na ukurasa wa mota inayofanana nazo daftarini, na kati ya hizo moja tu ilirudi ndani ya dhamana ya miezi mitatu. Mota 18 hazikuwa na ukurasa, zikabobinwa kwa kukadiria, na tano zilirudi. Kila iliyorudi iliigharimu karakana waya, vanishi na siku mbili za fundi, yaani karibu dola 70. Sasa “ndiyo” yetu ilikuwa na namba nyuma yake. Ilikuwa na mpaka pia: kwa mota ndogo, chini ya kilowati tatu hivi, wateja walikuwa wameanza kununua mpya za bei nafuu badala ya kubobina, na kurasa za mota hizo, karibu robo ya madaftari yote, hazikuleta chochote tena. Tuliandika “ina thamani kwa mota kubwa”. Jibu la VRIO linaweza kuwa na sharti, na sharti hilo liandikwe palepale.

Mota za kuazimisha tulizipima kwa kuwauliza wateja. Niliwapigia simu wenye vinu 12, swali moja: kwa nini unapeleka mota yako kule? Nilitarajia wataje ubora wa kazi. Wawili walitaja. Mmoja alisema ni jirani. Tisa walisema, kila mmoja kwa maneno yake, kwamba kwa mzee “kinu hakilali”. Mzee mwenyewe alishangaa. Miaka yote hiyo alidhani wanamfuata kwa sababu ya mikono yake.

Hatua ya tatu: uadimu, tembea uhesabu

Uadimu haukisiwi ukiwa umekaa. Tuliandika karakana zote zinazobobina mota za vinu ambazo wateja wetu wangeweza kuzifikia: Katuba, Kenya (komini ya mji wetu, si nchi), Kamalondo na Kampemba. Zilikuwa saba pamoja na ya mzee. Kisha tukauliza wale wanaoziona zote, yaani wauza waya na vanishi, na wateja waliowahi kuhama. Sikupenda wazo la mwanawe la kwenda kwa wenzake akijifanya mteja. Si kazi ya heshima, na wafundi wanajuana. Muuza waya anajua zaidi kuliko mpelelezi: anajua nani hununua waya wa unene gani, na nani hurudi kununua uleule baada ya wiki mbili.

Jenereta lilikuwa nalo kila mtu. Tanuri, karakana nne kati ya saba. Hapo safari ya tanuri iliishia. Lina thamani, si adimu, na maana yake ni kwamba linakuweka sawa na wenzako. Usilidharau kwa hilo: bila tanuri mzee angekuwa nyuma ya wale wengine watatu. Ila tanuri la pili lisingemweka mbele ya yeyote, na lile la kwanza halikuwa limejaa hata siku moja kwa wiki. Alinyamaza kidogo nilipomwonyesha, kisha akalifuta tanuri mwenyewe kwenye orodha yake ya manunuzi.

Madaftari: karakana moja nyingine ilikuwa na kitu kama hicho, kijana mwenye kurasa thelathini hivi. Nyingine tano hazikuwa nacho. Kitu hakihitaji kuwa kwako peke yako ili kiwe adimu. Kinahitaji kuwa kwa wachache kiasi kwamba wateja hawawezi kukipata kokote wanakokwenda. Mota za kuazimisha hakuna aliyekuwa nazo.

Hatua ya nne: gharama ya kuiga, na mtego wake

Hapa ndipo wengi huteleza, nami niliteleza pia mara ya kwanza nilipokifanya kipimo hiki miaka iliyopita kwa biashara nyingine. Mtu anaulizwa kama rasilimali yake ni ghali kuiiga, naye anajibu kwa kusimulia jinsi alivyoipata. Mzee aliweka mkono juu ya daftari la kwanza.

“Mwanangu, hii ni miaka ishirini ya maisha yangu. Nani ataiweza?”

“Papa, swali haliko juu ya miaka yako. Swali ni huyu mwingine atatumia nini ili afike hapa.”

Nikachukua simu, nikapiga picha kurasa sita wakati tunazungumza. Hata dakika moja haikupita. Kurasa 1,140 ni kazi ya jioni tatu kwa mfanyakazi aliyebaki peke yake karakana. Gharama ya kujenga na gharama ya kuiga ni vitu viwili. Daftari lilikuwa ghali sana kujenga na rahisi sana kuiba.

Ili usitekwe na hadithi yako mwenyewe, chukua nafasi ya mpinzani mwenye pesa na nia. Mwandikie bajeti: atahitaji dola ngapi, miezi mingapi, na watu gani? Kisha pitia sababu zinazoweza kumzuia. Kuna historia: ulipita mahali ambapo hapapitiki tena, kama karakana za Panda za enzi zile zilivyomfunza mzee kazi kwa miaka mingi kwa gharama ya kampuni. Kuna kutojulikana kwa chanzo: mpinzani anaona unashinda lakini hajui kinachokufanya ushinde, na wakati mwingine hata wewe hujui. Kuna uhusiano wa watu uliojengeka taratibu, ambao pesa haziuharakishi. Na kuna kinga ya sheria, kama hataza, ambayo kwa karakana ya Katuba haina la kusema.

Kisha uliza swali la pili ambalo watu husahau: je, anaweza kunizunguka badala ya kuniiga? Kwa daftari, anaweza. Fundi aliyesoma vizuri anapima urefu na kipenyo cha chuma cha ndani, anahesabu mifereji, na kwa kanuni anapata idadi ya mizunguko bila kuwa na ukurasa wowote. Itamchukua nusu siku kwa kila mota, na wenye elimu hiyo mitaani ni wachache, lakini mlango uko wazi. Tuliandika: daftari ni adimu, kuliiga ni rahisi likiachwa mezani, na lina mbadala wa polepole. Hiyo ni faida ya muda. Inadumu mpaka siku mtu atakapoamua.

Mota za kuazimisha zilikwenda kinyume na nilivyodhani. Kwa mtazamo wa kwanza ni rahisi kuliko vyote: mota tatu zilizotumika za kilowati 7.5, dola 250 kila moja, yeyote ananunua wiki hii. Mzee hata alijisifu kwamba aliwafundisha wateja watoboe vitako vya vinu vyao ili mota zake zikae bila kuhangaika. Ilinibidi nimwambie kwamba vitobo hivyo vinamsaidia mpinzani sawasawa na yeye, kwa kuwa mota za kipimo kimoja zina nafasi zilezile za bolti.

Lakini kulikuwa na karakana moja iliyowahi kujaribu. Iliazimisha mota mbili. Moja haikurudi. Nyingine ilirudi imeungua, na aliyeiazima akaapa kwamba aliikuta hivyo. Wakaacha. Mzee, kwa miaka tisa, amepoteza mota moja. Nikamuuliza anaamuaje nani apewe, na hakuweza kunieleza kwa kanuni. Ndipo nikakaa naye karakana asubuhi moja. Alikuja mama mmoja na mota. Mzee hakuuliza anwani. Aliuliza kama kile kinu bado ni cha shemeji yake, kama ule mgogoro wa nyumba uliisha, kama siku hizi anayesaga ni yule kijana mkubwa au mdogo wake. Kisha akampa mota, akamwambia kijana aangalie fazi kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kuwasha. Baada yake alikuja bwana aliyevaa vizuri zaidi, akaambiwa zote zimetoka. Moja ilikuwa pale nyuma, chini ya turubai.

Kinachoigika kwa dola 750 ni chuma. Kisichoigika ni kujua nani ataurudisha mzigo, na kujulikana na watu hao kiasi kwamba wangeona aibu kutourudisha. Mpinzani anayetaka kufika hapo lazima apoteze mota kadhaa njiani, na huo ndio ughali tuliokuwa tunautafuta. Kwa hiyo tuliandika upya mstari ule: rasilimali si “mota tatu”, ni “kuazimisha mota kwa wenye vinu tunaowajua, bila amana, karibu bila hasara”. Mara nyingi hatua ya nne hukurudisha kwenye ya kwanza kubadili jina la kitu. Usiogope kurudi.

Hatua ya tano: mpangilio, fuata mshahara na karatasi

Swali la nne la VRIO haliulizi tena kama kitu ni kizuri. Linauliza kama matunda yake yanafika kwako. Mimi hulifanya kwa kufuata mambo matatu: nani anawajibika nacho, watu wanalipwa kwa kufanya nini, na karatasi gani zinaonyesha kinachoendelea.

Nilifungua daftari la nne mwishoni. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa miezi minane nyuma. Miezi minane ya mota, hakuna neno. Sababu haikuwa uvivu. Wafundi wawili wa mzee wanalipwa kwa kila mota inayotoka. Kuhesabu mizunguko, kupima waya kwa mikromita na kuandika kunachukua dakika ishirini au zaidi, na dakika hizo hazilipwi. Mzee mwenyewe alipokuwa na nguvu aliandika kwa sababu daftari ni lake. Macho yalipopungua, kazi ikabaki bila mwenyewe. Mpango wa malipo ulikuwa unaiua rasilimali polepole, na hakuna aliyekusudia hivyo.

Kwenye mota za kuazimisha hali ilikuwa mbaya zaidi. Hakukuwa na karatasi yoyote ya kutoka wala kurudi. Moja ilikuwa kwa mteja kwa miezi mitano, mota yake mwenyewe imeshatengenezwa na kufunikwa vumbi kwenye kona ya karakana, kwa sababu ile ya kuazima ilikuwa nzuri kuliko yake. Na bei ya kubobina kwa mzee ilikuwa sawa kabisa na kwa wengine. Mwenye kinu aliokolewa siku mbili tatu za mapato, na karakana haikupata hata franga moja ya zile siku. Biashara iliyo na kitu chenye thamani, adimu na ghali kuiga, lakini haijajipanga, ina faida iliyolala. Kwenye karatasi inaonekana tajiri, kwenye kitabu cha fedha iko sawa na jirani.

Tulibadili mambo machache. Kila mota inayofunguliwa ina kadi, na fundi halipwi kwa mota hiyo mpaka kadi ijazwe kabla waya haujakatwa. Kwa kadi anaongezewa dola moja na nusu. Madaftari yanakaa kwenye kabati la chuma, fundi anapewa ukurasa wa mota anayoishika tu, na nakala iko nyumbani. Mota ya kuazima inatoka na saini, ni bure kwa siku nne, kisha dola tatu kwa siku. Mzee alihofia kwamba wateja watanuna. Wawili walinuna. Yule wa miezi mitano alirudisha mota jioni ileile alipopigiwa simu.

Kuandika hukumu

Ukimaliza, andika mstari mmoja kwa kila rasilimali, na hukumu inatoka pale “hapana” ya kwanza inapotokea. Isiyo na thamani inakurudisha nyuma, na kuendelea kuilipia ni hasara. Yenye thamani lakini si adimu inakuweka sawa na wenzako: itunze, usiiongezee pesa kwa matumaini ya kushinda. Yenye thamani na adimu lakini rahisi kuiga ni faida ya muda: ivune sasa na ufunge mlango unaofungika. Yenye zote tatu bila mpangilio inaidai biashara marekebisho ya ndani kabla ya senti yoyote ya manunuzi. Yenye zote nne ndiyo ya kuwekewa akiba.

Karatasi yetu ilisema: jenereta, sawa na wenzetu. Tanuri, sawa na wenzetu. Mahali karakana ilipo, sawa, kwa kuwa hakuna mwenye kinu hata mmoja kati ya wale 12 aliyesema alikuja kwa kuona kibao. Daftari, faida ya muda kwa mota kubwa. Kuazimisha, faida inayoweza kudumu, iliyokuwa imelala.

Kuna dalili za kipimo kilichofanywa vibaya. Kama kila mstari una “ndiyo” nne, aliyejibu ni mwenye mali peke yake. Kama hakuna mstari ulioandikwa upya njiani, hamkufika ndani. Kama majibu ya uadimu hayana idadi ya washindani, hakuna aliyetoka nje. Na kipimo chenyewe kina mpaka ambao lazima uujue: ni picha ya siku moja. Hakikwambii wenye vinu wataendelea na umeme au watahamia dizeli, na wakihama, daftari na kuazimisha vinaanguka kwenye swali la kwanza kabisa, siku ileile. Tulikubaliana kukirudia kila baada ya mavuno, Mei, vinu vinapokuwa na kazi nyingi na risiti ni mpya.

Zile dola 4,000: dola 900 zilinunua mota nyingine tatu za kuazimisha, moja ikiwa ya kilowati 11. Kabati, kadi na nakala za madaftari zilichukua 260. Zingine ziko benki, na mwanawe bado anazungumzia jenereta.

Miezi sita baadaye mmoja wa wale mafundi aliondoka akafungua karakana yake, upande wa Kampemba. Alikuwa na picha za kurasa mia tatu hivi kwenye simu, alizozipiga kabla ya kabati kuja. Wenye vinu watano walimfuata, kwa sababu ni fundi mzuri na bei yake iko chini. Tulipofanya hesabu ya Mei, watatu walikuwa wamerudi. Wawili hawajarudi, na wote wawili wana mota za akiba zao wenyewe. Kwenye mstari wa kuazimisha, mzee aliniambia niongeze sharti kwa kalamu yake nyekundu: “kwa wenye kinu na mota moja tu.”